Miaka 12 kwenye uhasibu, sasa nataka kuwa fundi wa sola. Hiyo miaka inaenda wapi?

Daftari37
Habari za jioni. Niko na miaka 37, na 12 kati ya hiyo nimekuwa mhasibu wa kampuni inayosambaza vifaa vya ujenzi, hapa Industrial Area. CPA niliisomea jioni mjini, nikawa narudi Donholm na matatu za mwisho. Mwaka mmoja na nusu sasa, kazi ninayoitaka ni kufunga sola. Nimesoma, nimeuliza bei, nimepiga hesabu. Kupanda paa hakunitishi. Shida ni kwamba kila nikishika kalamu niandike barua ya kuacha kazi, naona miaka 12 imemwagika mchangani. Ada za KASNEB, mitihani niliyorudia, Jumamosi zote zile. Halafu nikaanze kwa kumshikia ngazi kijana wa miaka 23. Mtu hulitoaje wazo hili kichwani? Sitaki kuambiwa nijipe moyo, nataka njia.

Wa_Rongai
Pole sana ndugu kwa kupoteza kazi. Wahasibu bado wanatafutwa, hasa wanaojua eTIMS. Zunguka kampuni za Mombasa Road na Baba Dogo, acha barua yako mapokezi, usingoje tangazo.

Daftari37
Asante, lakini sijafutwa. Nataka kuondoka mwenyewe.

Bahati_Umoja
Wewe ni mhasibu, jibu unalo. Hiyo ni gharama iliyozama. Pesa na muda uliotumika haurudi ukikaa, haurudi ukiondoka. Kwa hivyo usiuhesabu kabisa. Funga daftari la zamani, sahau CPA, ingia kwenye sola kama mtu aliyemaliza shule juzi. Ukiendelea kuangalia nyuma utabaki hapo mpaka miaka 60.

Kiti_cha_Usaili
Bahati amegonga nusu ya msumari. Ada, Jumamosi na mitihani uliyorudia ni gharama, na kweli zimekwenda. Kuna swali moja la kuzipima: kama leo asubuhi ungeamka na CPA mkononi bila kulipia shilingi wala kukesha usiku hata mmoja, ungeiomba kazi unayoifanya sasa? Ukijibu hapana, basi kinachokushikilia kitini ni bei uliyolipa. Kazi yenyewe ilishakuachilia.

Kosa la Bahati ni kuutupa ujuzi pamoja na gharama. Kampuni ikinunua mashine, risiti ni jambo moja na mashine ni jingine. Risiti haikusaidii tena, lakini mashine bado inasaga, na swali linalobaki ni itasaga nini kule unakoihamishia. Wanaohama na kuanza kama mtoto wa shule hulipia mara mbili kitu walichokuwa nacho. Nimekaa upande wa mwajiri kwenye usaili kwa miaka mingi na kosa hili huonekana dakika ya kwanza: mtu wa miaka 38 anajieleza kama hana historia, na anayemsikiliza anabaki kujiuliza anaficha nini.

Ndugu Daftari, ninavyokusoma unalia vilio vitatu kwa sauti moja. Cha kwanza ni miaka, nayo imepita utake usitake. Cha pili ni cheo na mshahara, na hapo hasara ni ya kweli, usikubali mtu akwambie si hasara. Ile ngazi unayosema utamshikia kijana iko kwenye fungu hili, haihusiani na miaka. Cha tatu ni ujuzi, nao haujulikani umepotea au la mpaka uuhesabu. Wengi hawauhesabu. Huandika neno moja, 'uhasibu', wanaangalia kazi mpya, hawalioni neno hilo, wanahitimisha kwamba kila kitu kimebaki nyuma.

Kwa hivyo hesabu stoo. Chukua daftari la shilingi hamsini, na kwa wiki mbili, kila jioni kabla ya kutoka ofisini, andika ulichofanya siku hiyo. Usiandike jina la kazi. Andika kitendo, ulikifanyia nini, na kilizaa nini. 'Nimeshughulikia wadaiwa' haifai. 'Nimempigia mkandarasi ambaye deni lake limefika siku 90, tumekubaliana alipe mara tatu, la kwanza limeingia' inafaa. Baada ya wiki mbili utakuwa na mistari 40 hadi 60. Ongeza kazi zinazokuja kwa mwezi au kwa mwaka ambazo hazikuangukia wiki hizo, mfano VAT kabla ya tarehe 20, makato ya wafanyakazi kabla ya tarehe 9, na kuhesabu bidhaa mwisho wa mwaka.

Kisha pitia kila mstari na kalamu tatu. Kijani ni kile kinachohama kama kilivyo. Bluu ni kile kinachohama ukiongeza kitu. Nyekundu kinabaki. Usiifanye peke yako, maana mwenye uchungu hupaka nyekundu kila kitu. Kaa na mtu anayeijua kazi unayoiendea, yeye ndiye atakayekuambia kipi kina soko kule.

Luthuli_Waya
Nasema kama mtu wa sola. Nikupe mstari mmoja wa kijani ambao mafundi wengi hawana.

Chukua mwenye karakana ya kushona, cherehani na pasi, anafunga Jumapili. Anaambiwa afunge kilowati 3, tuseme kwa 450,000 bila betri. Fundi anamwambia: Nairobi kilowati moja inatoa kama yuniti 4 kwa siku, kwa hivyo 3 ni yuniti 12. Yuniti tuseme ni shilingi 27. Mara siku 30, ni 9,720 kwa mwezi, na pesa yako inarudi kwa miezi 46. Hesabu inapendeza, lakini ina shimo. Jumapili pasi zimezimwa, na siku za kazi mchana hutumia yuniti 8 tu. Bila betri, yuniti 4 zilizobaki hazimfaidi. Ukweli ni 8 mara siku 26 mara 27, yaani 5,616 kwa mwezi. Miezi 80. Ukimpa kilowati 2 kwa tuseme 320,000, zinatoka yuniti 8, anatumia kama 7, anaokoa 4,914 kwa mwezi, na pesa inarudi kwa miezi 65. Mfumo mdogo unamfaa kuliko mkubwa.

Mtu aliyezoea kuuliza 'hii namba imetoka wapi' analiona shimo hilo kabla hata chai haijapoa. Fundi wa kawaida huliona mteja akirudi mwaka wa pili akilalamika kwamba bili haijashuka alivyoahidiwa, na wakati huo jina limeshaharibika mtaani.

Lakini usijidanganye, hesabu haikufanyi fundi. Kiunganishi cha MC4 kisichobanwa sawasawa huchemka polepole na kuyeyuka, na juani hutaona cheche. Waya wa paneli hubaki na umeme maadamu kuna mwanga, hata ukizima breka ya nyumba. Hayo hujifunzi kwenye karatasi, yanataka mkono. Anza na mtihani wa ufundi wa NITA, daraja la 3, kisha leseni ya EPRA ya sola, ambayo ina ngazi T1, T2 na T3. Bila leseni utabaki kufanya kazi chini ya mtu mwingine, yeye ndiye atakayesaini.

Daftari37
Hiyo hesabu ya karakana nimeisoma mara tatu. Nilikuwa nimeona shimo la Jumapili kabla sijafika mwisho wa sentensi. Naanza daftari kesho.

Swali: hii hisia ya kwamba nimepoteza, huwa inakaa muda gani baada ya kuondoka? Nisije nikaacha kazi halafu nikakaa na uchungu miaka mitano.

Kiti_cha_Usaili
Kuna kipimo kimoja kizuri cha jambo hili. Mwaka 1985 watafiti wawili, Arkes na Blumer, walichapisha jaribio lililofanyika kwenye jumba la maigizo la Chuo Kikuu cha Ohio. Watu waliokuja kununua tiketi za msimu mzima waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakauziwa kwa bei kamili na wengine kwa punguzo. Waliolipa bei kamili walihudhuria maigizo mengi zaidi, lakini katika nusu ya kwanza ya msimu tu. Nusu ya pili tofauti haikuonekana tena. Bei uliyolipa humvuta mtu, kisha mvuto hupungua wenyewe.

Tiketi si miaka 12, kwa hivyo sikupi tarehe. Ninachokiona ni kwamba kinachodumu kwa muda mrefu ni uchungu wa cheo. Mtu huacha kuzifikiria ada za mitihani, lakini bado humchoma anapoulizwa kwenye harusi, 'Siku hizi uko wapi?' Tafuta jibu la swali hilo mapema, la sentensi moja, ulizoee. 'Nafunga sola, na hesabu za wateja napiga mwenyewe.' Inaonekana jambo dogo, ila mtu asiye na sentensi hiyo huanza kukwepa watu, na akikwepa watu anakosa wateja wake wa kwanza.

Muuguzi_Kayole
Mimi ni muuguzi, miaka 9, na ninataka kuhamia ushonaji. Yangu ni tofauti kidogo: nikiacha kulipia leseni ya uuguzi, kurudi ni kazi. Je, niendelee kuilipia nikishona? Na Daftari, wewe uanachama wako wa ICPAK utaufanyaje?

Bahati_Umoja
Dada, ukiendelea kulipia ni mguu mmoja ndani mmoja nje. Kata.

Kiti_cha_Usaili
Bahati, hapa sikubaliani nawe. Ada ya mwaka ujao haijalipwa, kwa hivyo bado haijazama. Ni gharama mpya, na gharama mpya hupimwa kwa kitu itakacholeta. Dada, jiulize kama kuna zamu utakazofanya ndani ya miezi 12 zinazohitaji leseni hiyo. Zikilipa zaidi ya ada pamoja na muda wa mafunzo endelevu, lipa. Kama unalipa kwa sababu tu inauma kuiacha, hiyo ni ada ya kujipoza. Ila leseni ya afya ina mzigo wake wa kuirudisha, na mzigo huo nao una bei. Uliza baraza lenyewe masharti yao kabla hujaiacha ikalala.

Dada_wa_Sacco
Samahani kuingilia, lakini mnazungumza hisia kana kwamba hakuna mkopo. Kaka Daftari, una mkopo wa Sacco?

Daftari37
Ninao. Umebaki 620,000. Akiba yangu ni 400,000. Na nimewadhamini wenzangu wawili.

Dada_wa_Sacco
Basi nikueleze ninachokiona mezani kila mwezi. Mtu anasema 'siwezi kuacha miaka yangu', tukifungua faili tunakuta asichoweza kuacha ni makato. Ukiondoka, mwajiri anaacha kukata. Usipopanga njia nyingine ya kulipa, miezi michache wadhamini wako wanaanza kupigiwa simu, na hao ni watu unaokula nao chakula cha mchana. Aibu hiyo watu huiita 'nimepoteza miaka yangu'.

Ukijitoa kabisa kwenye Sacco, akiba inakata mkopo: 620 toa 400, unabaki na 220,000 za kulipa. Lakini hutaruhusiwa kuichukua akiba wakati imeshikilia mikopo ya wale wawili, mpaka wamalize au wapate wadhamini wengine. Waambie mapema. Na Sacco nyingi hutaka notisi ya siku 60. Au usijitoe: omba mkopo upangwe upya kwa muda mrefu zaidi, halafu ulipe kwa agizo la benki. Hilo liombe ukiwa bado una hati ya mshahara. Ukishaondoka, meza inakuangalia kwa jicho lingine.

Daftari37
Hilo sikulifikiria. Hata mke wangu aliniuliza kuhusu Sacco nikamjibu kwa kumwelezea miaka yangu.

Luthuli_Waya
Ushauri wangu, usiandike barua bado. Sheria ya Kazi ya 2007 inakupa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo. Ukifanya kazi siku tano kwa wiki, hiyo ni wiki nne na siku moja. Itumie yote kufanya kibarua cha sola na kikosi kimoja, mfululizo, si Jumamosi moja moja. Jumamosi inakuonyesha sehemu tamu. Wiki ya tatu ndiyo inayokuonyesha kazi: mgongo, wateja wasiolipa, mvua, kurudi kufungua kitu ulichofunga vibaya.

Andika mambo matatu kila jioni: ulifanya nini kwa mikono yako mwenyewe, ulikosea nini, na ni wakati gani siku ile uliulizwa kitu ambacho wengine hawakukijua. Hilo la tatu ndiyo miaka yako 12 inajitokeza. Likibaki tupu wiki nne nzima, basi ama kikosi hakikutumii ipasavyo, ama ujuzi wako hauna kazi pale, na ni afadhali ulijue ukiwa bado na mshahara.

Kiti_cha_Usaili
Naunga mkono, na likizo hiyo inapima kitu kingine pia. Kuna watu wanaodhani wamechoka na taaluma kumbe wamechoka na bosi mmoja. Ukirudi na ukakuta kazi yenyewe huichukii, unachukia mkutano wa Jumatatu tu, basi unahitaji ofisi nyingine, na huna haja ya paneli.

Siku ukiondoka, mwajiri anadaiwa na sheria hiyohiyo akupe cheti cha utumishi, kinachoonyesha tarehe ulizoanza na kumaliza na aina ya kazi uliyofanya. Halazimiki kukupa barua ya kukusifia. Kwa hivyo barua iombe mapema, uhusiano ukiwa mzuri, na umwandalie yeye mistari minne kutoka kwenye daftari lako, zile za kijani. Bila hivyo ataandika 'alikuwa mwaminifu na mchapakazi', maneno ambayo hayamwambii mwenye kampuni ya sola lolote.

Bahati_Umoja
Mimi naona njia rahisi zaidi: aingie kampuni ya sola kama mhasibu wao, halafu ateleze polepole hadi kwenye ufundi. Mshahara haukatiki.

Luthuli_Waya
Nimeona wanaoingia hivyo. Wanabaki ofisini. Kampuni ndogo ikipata mhasibu mzuri haimwachii apande paa, kila akiomba kwenda mtaani anaambiwa invoisi zimerundikana.

Kiti_cha_Usaili
Mimi nimeona wanaofanikiwa kwa njia hiyo, wakiandikiana mapema: siku tatu ofisini, siku mbili kwenye kazi za nje, na tarehe ya kuyapitia makubaliano. Bila maandishi, Luthuli yuko sawa.

Luthuli_Waya
Hata maandishi nimeyaona yakisahaulika msimu wa kazi nyingi. Tuachie hapo, kila mtu na alichokiona.

Daftari37
Narudi baada ya wiki mbili za daftari. Mistari 53. Nimekaa na fundi mmoja wa Kariobangi tukapaka rangi. Kijani 17, bluu 22, nyekundu 14. Kijani kuna kufuatilia madeni, kusoma bili ya Kenya Power, kupanga malipo ya wasambazaji, na kujua bei ya kebo kwa mita bila kufungua karatasi, kwa sababu ndizo tunazouza. Hilo la kebo sikuwahi kulihesabu kama ujuzi.

Lakini nyekundu zimeniuma. Kuunganisha hesabu za kampuni dada tatu, na kuandaa vitabu vya ukaguzi. Hivyo ndivyo vilivyonila miaka mingi zaidi, na ndivyo nilivyokuwa bora kuliko wote ofisini. Fundi alivipitia akasema tu, 'Hii huku hatuna.'

Kiti_cha_Usaili
Sitakwambia hizo 14 zitageuka kijani siku moja. Huenda zisigeuke. Sehemu ya miaka yako inabaki pale, na ni haki ikuume. Ila angalia ukubwa wake. Ulikuja hapa ukisema ni miaka 12 yote, na sasa una mistari 14 kati ya 53, na unaijua kwa majina.

Muuguzi_Kayole
Na mimi nimeanza daftari. Mstari wa kwanza wa kijani ni kushona kidonda. Nimecheka, kisha nikaona ni kweli, mkono ni uleule.

Daftari37
Likizo imekubaliwa, naanza Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao. Mkopo nimeomba upangwe upya, nangoja jibu. Luthuli, nije na nini?

Luthuli_Waya
Viatu vilivyofunika vidole, soli ya mpira. Kofia. Mita ya kupimia volti, hakikisha inapima umeme wa DC hadi volti 1,000, zile za bei ya chini huishia 600. Saa moja kamili asubuhi, gari halingoji mtu. Na lile daftari, kuna mteja wa Ruaka anabishana na kwotesheni yetu, nataka uiangalie tukiwa njiani.